Cheti cha usalama na taratibu za dharura kwa wahudumu wa ndege: maswali ninayoulizwa sana Kisumu na Nakuru

Niliruka kama mhudumu wa ndege kwa miaka kadhaa, nikakaa muda kwenye meza ya kukagua makaratasi ya wanaoomba kazi, na sasa ninafundisha. Wanaonitafuta ni vijana wa Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru ambao wazazi wao wameuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa chama ili walipe karo. Wengi huja wakiwa wamekwisha kulipa, na hilo ndilo linaloniuma. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya yule ambaye bado hajalipa, na kwa yule aliyelipa na sasa anataka kujua mkononi ana nini.

Cheti hiki ni kitu gani hasa?

Ni karatasi inayosema kwamba umefundishwa, na umefanya kwa mikono yako, yale mhudumu anayopaswa kufanya ndege inapopata matatizo: kuzima moto, kuwatoa abiria, kutua majini, kutoa huduma ya kwanza, kushughulikia mizigo hatari na abiria mkorofi. Kwenye matangazo ya kazi utaona kimeandikwa kwa herufi tatu, SEP. Hakipimi kama unajua kutabasamu au kumimina chai. Mambo ya chai yana kozi yake, na mara nyingi vyuo huuza hizo mbili kwa bei moja na jina moja, kitu kama "diploma ya uhudumu wa ndege". Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Diploma ya mwaka mzima inaweza kuwa na masomo kumi na mawili, na usalama ukawa somo moja tu lililosomwa darasani bila mtungi wa kuzimia moto kuguswa.

Tena usikichanganye na cheti cha mhudumu kinachotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, yaani KCAA. Cha chuo kinasema umefunzwa. Cha Mamlaka kinasema serikali inakutambua, na nyuma yake kuna cheti cha chuo pamoja na ripoti ya daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka. Tangazo likitaja vyote viwili, kimoja hakijazi nafasi ya kingine.

Shirika la ndege huangalia nini kwanza likipokea cheti changu?

Watu hudhani ni alama. Mimi sikuwahi kuanza na alama. Macho yanaenda kwanza kwa jina la chuo na tarehe, kisha swali moja: je, siku hizo mwanafunzi huyu akisoma, chuo hiki kilikuwa na idhini ya KCAA ya kufundisha kozi hii, mahali hapa?

Swali hilo lina sehemu tatu na kila moja ina wahanga wake. Idhini ina muda, kwa hiyo chuo kinaweza kuwa nayo leo na kisiwe nayo mwezi uliosoma wewe. Idhini inataja kozi, kwa hiyo chuo kinachoruhusiwa kufundisha kazi za mizigo au tiketi hakijaruhusiwa kwa sababu hiyo kufundisha usalama wa wahudumu. Na idhini inataja mahali. Hili la tatu ndilo linalotukuta sana huku magharibi. Makao makuu Nairobi yana karatasi zote, kisha tawi linafunguliwa juu ya duka mjini Nakuru au Kisumu, na nakala ya idhini ya Nairobi inatundikwa ukutani. Mwanafunzi anaiona, anaridhika, analipa.

Kabla hujalipa, ingia kwenye tovuti ya Mamlaka, kcaa.or.ke, utafute orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa. Kisha mwombe mkuu wa tawi akuonyeshe ukurasa wa idhini unaoorodhesha kozi na anwani. Ukurasa huo upo, kwa sababu Mamlaka haikipi chuo idhini bila kuambatisha orodha ya kile kilichoruhusiwa. Akikuambia uko Nairobi, andika barua pepe kwa Mamlaka uulize. Huna sababu ya kuona haya, fedha ni zako.

Wanajuaje kama kweli nilifanya mazoezi?

Wanaomba karatasi ya mazoezi ya vitendo. Kila zoezi huwa na mstari wake: tarehe, saini ya mkufunzi, saini yako. Moto, moshi, milango, mtelezo wa kuteremshia abiria, bwawa, huduma ya kwanza. Karatasi hiyo ina thamani kuliko cheti chenyewe, na wanafunzi wengi hawajawahi kuiona kwa sababu inabaki kwenye faili la chuo. Omba nakala siku ya mwisho, kabla hujapanda matatu ya kurudi nyumbani.

Kisha watakuuliza kwa mdomo, na hapo karatasi haisaidii. Mtu aliyezima moto wa betri ya simu mazoezini hujibu bila kufikiri: unapuliza haloni, ile gesi ya kuzimia moto, mwali ufe, kisha unamwaga maji mengi au kinywaji chochote kisicho na pombe, kwa sababu betri ya lithiamu huendelea kupata joto ndani na seli ya jirani huweza kuwaka baada ya wewe kudhani kazi imekwisha. Huweki barafu juu yake, maana barafu hulifungia joto ndani. Huibebi simu hiyo kutembea nayo. Aliyesoma tu hukumbuka "mtungi wa haloni" na kuishia hapo.

Au wataulizia kofia ya kujikinga na moshi, ile yenye hewa yake ya takriban dakika 15. Aliyeivaa atakuambia jambo ambalo halimo kwenye daftari: shingo ya mpira inabana, unalazimika kuitanua kwa mikono yote miwili na kuingiza kidevu, na nywele zikinaswa kwenye mpira moshi unapenya. Unasikia pumzi yako mwenyewe kwa kishindo na humsikii mwenzako vizuri. Nilipokuwa mwanafunzi nilisuka nywele ndefu wiki ya mazoezi, na mkufunzi alinirudisha mara nne kabla mpira haujakaa sawa shingoni. Jambo kama hilo huwezi kulibuni mbele ya mtu aliyelipitia.

Nina cheti lakini zoezi moja sikulifanya. Nitakuwa nimekosa kazi?

Nieleze kisa kimoja, maana kinajibu vizuri kuliko mimi. Msichana wa Ahero alituletea cheti cha Novemba 2023. Chuo kilikuwa kwenye orodha, kozi ilikuwa sahihi, anwani pia. Alikuwa na sauti nzuri na alituangalia machoni. Tulipoomba karatasi ya vitendo chuo kilituma ukurasa wenye mistari yote, ila mstari wa moto ulikuwa na tarehe bila saini. Nikamwita, nikamuuliza: "Dada, siku ya moto mlitumia mtungi gani, na nani alikuwa nyuma yako?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Madam, siku ile mitungi haikuletwa. Tulitazama video, tukaambiwa tutarudi. Hatukurudi."

Angeweza kutaja mtungi wowote. Mwenzake wa darasa hilohilo alikuwa ametuambia wiki moja kabla kwamba alizima moto kwa mtungi wa maji kwenye kibanda cha mafunzo, na chuo hakikuwa na kibanda. Faili la mwenzake lilifungwa siku ileile. La msichana wa Ahero halikufungwa. Tulimwambia wazi kwamba hatuwezi kukihesabu cheti hicho kuwa kamili, akamalize zoezi la moto na moshi kwenye chuo chenye vifaa, alete karatasi yenye saini, na ombi lake litasubiri usajili unaofuata. Alidai zoezi hilo kwa chuo chake kwa barua, akiambatisha risiti ya karo na ratiba ya kozi iliyokuwa imetaja moto. Chuo kiliwapeleka wanafunzi sita Nairobi kwa siku moja kwa gharama yake. Alirudi na karatasi yenye saini na jeraha dogo la kujichuna kidoleni, kwa sababu alikuwa amesahau kuvaa glavu alipofungua kifuniko cha sanduku lenye moto. Tulimchukua.

Basi jibu ni hili: pengo linaweza kuzibwa ukilisema mwenyewe. Na ratiba ya kozi uliyopewa siku ya kwanza usiitupe, ndiyo ushahidi wako.

Cheti kinaisha lini?

Swali hili lina majibu mawili, na watu huchukua lile linalowafaa. Kanuni za kimataifa zinataka mhudumu anayefanya kazi arudie mafunzo ya usalama kila mwaka. Mafunzo hayo ya marudio hutolewa na shirika lililomwajiri. Wewe ambaye hujaajiriwa huna wa kukurudia, kwa hiyo ujuzi wako unazeeka kimyakimya.

Tuchukue mfano. Ulimaliza mazoezi tarehe 16 Juni 2023. Shirika linatangaza nafasi Agosti 2024. Imepita miezi 14. Hakuna aliyekufutia cheti, na historia yako ya kusoma haijabadilika, lakini anayekagua atahesabu kwamba angekuwa na mhudumu wake mwenye tarehe hizo asingemruhusu kuruka bila marudio. Tangazo likisema cheti "kiwe hai", wewe uko nje ya mwaka. Mashirika mengine yatakupokea kwa sababu yatakufunza upya hata hivyo, mengine yatakutaka ufanye kozi fupi ya marudio kwanza. Soma tangazo neno kwa neno, na kama limekaa kimya kuhusu muda, piga simu uulize kabla hujalipia marudio. Nimewaona watu wakirudia kozi nzima ya miezi mitatu mahali palipohitaji siku chache tu.

Mbona waliniajiri kisha wakaanza kunifundisha upya? Cheti changu kilikuwa na kazi gani?

Kwa sababu hakuna shirika linaloruhusiwa kukuweka kwenye ndege yake kwa mafunzo ya mtu mwingine peke yake. Kila shirika lina mpango wake wa mafunzo ulioidhinishwa, na ni lazima upite humo. Cheti chako kinakufikisha kwenye mlango wa darasa lao.

Ukitaka kuona sababu, nenda uwanja wa ndege wa Kisumu ukitazame chombo kinachotua kutoka Nairobi. Mara nyingi ni Dash 8-400 ya mapangaboi, yenye viti 78. Kwa kanuni ya mhudumu mmoja kwa kila viti 50 vilivyomo, inahitaji wahudumu wawili. Mlango wake uko chini, abiria hupanda kwa ngazi fupi iliyo kwenye mlango wenyewe, na haina mtelezo wa kujaza hewa. Kanuni za utengenezaji zinadai mtelezo pale ambapo mlango wa dharura uko juu ya futi 6 kutoka ardhini. Sasa mhudumu aliyefunzwa kwenye mfano wa Boeing 737 anakuja akiwa na mazoea ya mikono: geuza mpini, sukuma mlango, subiri mtelezo ujae, uangalie kama umejaa sawa, ndipo uite watu. Kwenye Dash 8 akisubiri mtelezo anasubiri kitu ambacho hakipo, na abiria wanasongamana nyuma yake. Ndiyo maana mafunzo ya aina ya ndege hufanywa upya, na baada yake kuna safari za kujizoeza ukiwa pamoja na mhudumu mzoefu kabla hujahesabiwa kuwa mmoja wa wale wawili.

Hata maneno ya kupaza hubadilika. Kila shirika lina amri zake za "inama" na "toka", na ulizozoea chuoni itakubidi uziweke kando. Wanaoshikilia za chuo huanguka mtihani wa sauti, hata kama wana sauti kubwa.

Je, ni lazima nijue kuogelea?

Masharti hutofautiana kati ya shirika na shirika, na mengine yatakupima bwawani kabla ya kukuita darasani. Lakini zoezi la maji lenyewe hufanywa ukiwa umevaa jaketi la kuokolea, na kilicho kigumu si kuogelea. Kigumu ni kuingia kwenye mashua ya mpira ukiwa majini. Jaketi limejaa kifuani, linakuzuia usijivute juu ya ukingo. Unapiga miguu, aliye ndani anakukamata kwapani, unaangukia ndani kwa tumbo. Vijana waliokulia Dunga na wanaovuka ziwa kila siku wameshindwa hapo mara ya kwanza kama wengine wote.

Jambo ambalo mkaguzi atakuuliza bila kukosa ni lini unalijaza jaketi hewa. Jibu ni ukiwa unatoka mlangoni, kamwe si ukiwa ndani. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, iliyokuwa ikija Nairobi kutoka Addis Ababa, ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija, Komoro. Walikuwemo watu 175, wakafa 125. Abiria wengi walikuwa wamejaza jaketi zao wakiwa ndani, na maji yalipoingia jaketi ziliwainua hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kufikia mlango. Ninawasimulia wanafunzi wangu hili wakiwa wamevaa jaketi, mkono ukiwa kwenye kamba ya kujazia, kwa sababu nataka mkono huo ukumbuke.

Nataka kwenda Dubai au Doha. Nichukue cheti hiki kwanza?

Kwa sababu hiyo peke yake, la. Mashirika makubwa ya Ghuba hukufundisha yenyewe kuanzia mwanzo kwenye vyuo vyao, na mafunzo ya hapa hayapunguzi siku hata moja kule. Yanachoangalia mwanzoni ni mambo mengine. Emirates, kwa mfano, hutaka uwe na umri wa angalau miaka 21, urefu wa sentimita 160, na ukisimama kwa vidole vya miguu mkono ufike sentimita 212. Kipimo hicho cha mkono nacho ni cha usalama: vifaa vya dharura vingi viko kwenye makabati ya juu, na asiyefika hana faida navyo. Weka alama ukutani nyumbani ujipime kabla ya kutumia nauli. Na mtu yeyote anayekutoza pesa ili "akuunganishe" na Emirates, achana naye, kwa sababu shirika hilo halitozi mwombaji.

Cheti kinakufaa hasa ukilenga mashirika ya hapa nyumbani, yanayoajiri kwa idadi ndogo na kupenda mtu aliyekwisha kupita hatua ya kwanza.

Chuo kimeniambia cheti chao ni cha EASA. Kitatambuliwa Ulaya?

Muulize ni EASA ipi. Ziko mbili. Moja ni shule ya usafiri wa anga ya Afrika Mashariki iliyoko Embakasi, iliyo chini ya KCAA yenyewe. Nyingine ni wakala wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya. Herufi ni zilezile nne. Cheti cha Embakasi ni halali na kinaheshimika nchini, ila hakikufanyi mhudumu anayetambuliwa Ulaya. Kule mhudumu hupewa hati yake baada ya mafunzo ya awali na mtihani chini ya sheria zao, na hati hiyo hupoteza nguvu asipofanya kazi hiyo kwa miezi 60. Nimekutana na mzazi kutoka Bungoma aliyelipa karo mara mbili kwa chuo cha binafsi kwa sababu ya herufi hizo nne. Chuo hakikuwa na uhusiano na EASA yoyote kati ya hizo mbili.

Naishi Busia. Naweza kusoma mtandaoni?

Nadharia inaweza kusomwa ukiwa nyumbani ikiwa idhini ya chuo inaruhusu hivyo. Moto, moshi, milango na maji haviwezi. Cheti kinachoonyesha kozi yote ilimalizika kwa siku tano mtandaoni, na bwawa likiwemo, hakichukui dakika mbili kukataliwa.

Wanagunduaje cheti bandia?

Hawapigi namba iliyo kwenye barua ya chuo. Wanachukua namba kwenye orodha ya Mamlaka, wanataja namba ya cheti, na chuo kinafungua rejista. Wanalinganisha na vya wengine wa darasa hilo, maana namba hufuatana, na jina la mkufunzi lazima liwe la mtu aliyekuwa akifundisha hapo mwaka huo. Matokeo ya KCSE nayo huthibitishwa kwa KNEC. Kutumia hati ya kughushi ni kosa la jinai, kwa hiyo madhara hayaishii kwenye kukosa kazi.

Siku ya mahojiano nipeleke cheti halisi au nakala?

Vyote, na kile halisi usikipitishe kwenye mashine ya plastiki. Najua huku kwetu kila cheti hupelekwa kulamineti siku kinapotoka, ili mvua na mchwa visikile. Lakini mkaguzi hupitisha kidole juu ya karatasi kutafuta muhuri uliobonyezwa, na chini ya plastiki hausikiki. Kitie kwenye mfuko wa faili ulio wazi juu, ambao anaweza kukitoa.